Nakala Nyingi, Funguo Chache: Data za Madodoso Masisi na Walikale

Mpango wa kusimamia data za dodoso ni hati inayojibu maswali manne: majibu ya watu yatawekwa wapi, nakala zake zitakuwa ngapi na zitakaa wapi, nani ataweza kuyasoma, na yatafutwa lini. Wafadhili na vyuo vikuu huidai kabla ya kutoa fedha au kibali cha maadili. Ukisoma hati za namna hii, adui anayetajwa huwa ni mmoja tu, naye ni upotevu. Simu itavunjika, kompyuta itaibiwa, diski itakufa. Dawa inayofundishwa ni kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, moja ikiwa mbali. Kisha data zihifadhiwe miaka kumi au zaidi na, majina yakishaondolewa, watafiti wengine wafunguliwe mlango.

Mtazamo huo haukuzuka hivihivi. Ulikulia mahali ambapo moto na hitilafu ya diski ndiyo majanga makubwa yanayoweza kuzikuta takwimu. Ukipelekwa Masisi na Walikale jinsi ulivyo, unazilinda takwimu na kumwacha wazi mtu aliyezitoa. Katika teritwari hizo mbili za Kivu Kaskazini, data zikipotea, mtafiti hupoteza msimu mmoja wa kazi. Zikisomwa na asiyestahili, mhojiwa anaweza kupoteza shamba, nyumba au uhai. Swali la kwanza la mpango basi halipaswi kuwa nakala ni ngapi. Linapaswa kuwa: majibu haya yanaweza kusomeka mahali pangapi, na hadi lini?

Sababu iko katika historia ya mahali penyewe. Vita vya Masisi vya mwaka 1993 vilianzia katika soko la Ntoto, Walikale, mwezi wa Machi, ambako watu waliuawa kwa sababu ya kabila lao. Tangu wakati huo, nani ni Mhunde, nani ni Mhutu, nani ni Mtutsi, nani ni Mnyanga, nani analima shamba la nani na nani anamlipa nani kodi yamekuwa maswali ambayo majibu yake yana bei. Dodoso la kaya la kawaida huyauliza yote ndani ya dakika arobaini na tano, kisha huyaweka kwenye simu moja. Simu hiyo hupita barieri. Taasisi ya IPIS ya Antwerp ilizihesabu barieri hizo katika Kivu mbili na kutoa matokeo mwaka 2017: zilikuwa 798. Kila moja ina mtu mwenye uwezo wa kusema, "Lete simu."

Ni vema kutazama kwa karibu kinachotokea simu hiyo ikishaletwa. Mdodosaji ameshuka kwenye pikipiki na mkoba uko mgongoni. Mwenye bunduki anafungua KoboCollect, programu ambayo mashirika mengi ya Kivu huitumia, kisha anabonyeza orodha ya fomu zilizokwisha kujazwa. Kama aliyeunda dodoso alitaka kumrahisishia msimamizi kazi, kila fomu imepewa jina la mkuu wa kaya na la kijiji. Yule mtu wa barieri hahitaji hata kuifungua fomu. Orodha yenyewe inamwambia nani amehojiwa na wapi. Nakala ya tatu iliyoko ng'ambo haimsaidii mhojiwa kwa lolote wakati huo.

Dawa ipo, tena si ghali: kuyafunga majibu kwa usimbaji fiche papo hapo, ndani ya simu. Programu za ukoo wa ODK, ikiwamo KoboCollect, hutumia funguo mbili. Ufunguo wa wazi huingia ndani ya dodoso na kazi yake ni kufunga tu. Ufunguo wa siri ndio unaofungua, nao haufiki Masisi kabisa. Hutengenezwa mara moja, kwenye kompyuta iliyo mbali na eneo la utafiti, kwa amri mbili:

```
openssl genpkey -algorithm RSA -pkeyopt rsa_keygen_bits:2048 -out siri.pem
openssl rsa -in siri.pem -pubout -out wazi.pem
```

Maandishi yaliyo kati ya mistari ya BEGIN na END katika `wazi.pem`, yakiunganishwa kuwa mstari mmoja, hubandikwa kwenye safu ya `public_key`, katika karatasi ya `settings` ya dodoso. Tangu hapo, mdodosaji akikamilisha fomu, hata yeye mwenyewe hawezi kuirudia. Kuna njia rahisi ya kujua kama kufuli imeshika: simu iunganishwe na kompyuta kwa waya, kisha folda ya fomu iliyokamilika ifunguliwe. Ndani yake panapaswa kuonekana faili `submission.xml.enc`, na majibu yasisomeke popote. Yakisomeka, ufunguo haukuingia, na timu isiondoke.

Kufuli hiyo ina matundu mawili, na mipango mingi huyapita bila kuyataja. La kwanza ni `instance_name`, jina la fomu lililotajwa katika kisa cha barieri. Jina hilo halifungwi. Hubaki wazi kwenye simu na kwenye seva. Kwa hiyo libebe namba ya siri ya kaya, na si kitu kingine. La pili ni rasimu. Fomu iliyohifadhiwa bila kukamilishwa haijafungwa bado, na mdodosaji aliyekatizwa na mvua au na milio ya risasi ana tabia ya kuihifadhi ili aimalizie kesho. Mpango uweke sharti kwamba rasimu hailali. Kabla ya kuondoka kijijini, fomu ikamilishwe hata kama ina mapengo, au ifutwe.

Hapo ndipo watetezi wa nakala nyingi huleta pingamizi lao kubwa. Husema kwamba ufunguo wa siri ukipotea, utafiti mzima umekwisha. Na kwamba msimamizi asiyeweza kusoma majibu jioni hawezi kugundua mdodosaji anayejaza fomu chini ya mti bila kumhoji mtu. Yote mawili ni kweli, na yote mawili yana jibu. Ufunguo huwekwa kwa watu wawili walio mbali na eneo na mbali wao kwa wao, mmoja Kinshasa na mwingine Nairobi, tuseme, na kabla ya safari kila mmoja hufungua fomu kumi za majaribio ili ithibitike kwamba ufunguo wake unafanya kazi. Ukaguzi nao si lazima ufanyiwe kijijini. Fomu zikifika kwenye seva, mwenye ufunguo huzipakua, huzifungua kwa ODK Briefcase kwenye kompyuta yake, huangalia muda wa kila mahojiano na majibu yanayofanana mno, kisha humtumia msimamizi namba tu: kaya fulani irudiwe. Msimamizi wa Goma asiye na ufunguo amepungukiwa na urahisi wa kazi, ila pia hana cha kulazimishwa kutoa. Faida hiyo ya pili ni kubwa kuliko hasara ya kwanza.

Hofu ya upotevu yenyewe hupungua ukikaa na kuipigia hesabu. Chukua mfano wa utafiti wa kaya 1,200 katika vijiji 60, kaya 20 kila kijiji, wadodosaji 12, kila mmoja akihoji kaya 5 kwa siku. Kazi hiyo huchukua siku 20. Ndani ya Walikale mtandao hukatika mara tu ukiacha vituo vikubwa, kwa hiyo tuseme kikundi kimoja kinakaa siku 6 bila kutuma kitu. Kila simu inakuwa na fomu 30. Simu moja ikinyang'anywa siku ya sita, zinapotea fomu 30, yaani asilimia 2.5 ya utafiti. Kiongozi wa kikundi akizihamisha kila jioni, kwa waya, kwenye kompyuta ndogo au kadi ya kumbukumbu, hasara haizidi fomu za siku moja, yaani 5. Faili zilizofungwa zinaweza kunakiliwa mara nyingi kadiri mtu apendavyo, kwa kuwa anayeiokota kadi hiyo ameokota kelele tupu. Kanuni ya 3-2-1 kwa hiyo haitupwi, ila inapewa mipaka: nakala zilizofungwa ziwe nyingi, mahali pa kufungulia pawe pachache. Kitu cha kuhesabu kila jioni ni idadi. Fomu zilizokamilika kwenye simu, zilizohamishwa na zilizofika kwenye seva zinapaswa kulingana, na pengo lolote lielezwe siku hiyohiyo kwa ujumbe wa namba tu.

Na ile nakala ya mbali, je? Kwa miaka mingi mipango ya Kivu imeandika "Goma na Bukavu" kama kwamba ziwa lililo katikati ni umbali wa kutosha. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka na siku tano baadaye sehemu ya Goma ikaamriwa kuhamwa. Aliyekuwa na diski Bukavu alishukuru. Lakini mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23, na katikati ya Februari Bukavu ikafuata. Ndani ya wiki tatu hivi, nakala ya kwanza na nakala ya akiba zilikuwa chini ya mamlaka moja mpya. Masisi-centre ilikuwa imeshachukuliwa mapema Januari, na Walikale-centre ilichukuliwa Machi kabla ya kuachwa tena Aprili. Umbali wa kilomita haukusaidia, kwa sababu hatari yenyewe ilisafiri kwa barabara ileile inayozisafirisha diski. Nakala ya akiba ya utafiti wa Masisi iwe nje ya mkoa na nje ya mkono wa yeyote anayepigania mkoa huo.

Kuiweka ng'ambo nako si kinga kamili. Mwezi wa Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi walikuwa wameingia kwenye seva zenye taarifa za watu zaidi ya 515,000, wakiwamo waliotengana na jamaa zao kwa sababu ya vita. Seva hizo hazikuwa katika eneo la mapigano. Mpango ukisema "data ziko salama kwenye seva ya Ulaya" na kuishia hapo, umetaja anwani tu.

Swali la nani ataweza kusoma ndilo ambalo mtazamo uliotawala hulijibu kwa haraka zaidi. Majina yataondolewa, husemwa, na baada ya hapo data hazina mwenyewe. Ni kosa, na kijiji chochote cha Masisi kinaweza kulionyesha. Katika wale watu 20 waliohojiwa kijijini, mkunga ni mmoja. Mwalimu mwenye umri wa miaka 58 ni mmoja. Mjane aliyetoka Ngungu, mwenye watoto saba na shamba la kukodi, ni mmoja, na kijiji kizima kinamjua bila jina. Dodoso likiwa na kijiji, jinsia, umri kamili, kabila na kazi, karibu kila mstari una mtu mmoja tu anayelingana nao. Kwa hiyo umri uwe wa makundi ya miaka kumi, kazi iunganishwe katika aina tatu au nne, na faili ya kutolewa nje isiwe na mchanganyiko wa majibu unaowahusu watu pungufu ya watano. Mchanganyiko unaobaki na watu wachache ufutwe, hata kama mchanganuzi atalalamika.

Majira ya eneo yanayochukuliwa na simu ni hatari zaidi. Karibu na ikweta digrii moja ni kama kilomita 111, hivyo majira yenye tarakimu tano baada ya nukta huonyesha mlango wa nyumba, kwa mita moja hivi. Wengi huyapunguza hadi tarakimu mbili, yaani kama kilomita moja, na kuona kazi imekwisha. Katika mtaa wa Goma ingekuwa imekwisha. Kwenye vilima vya Masisi, ambako nyumba zimetawanyika katikati ya malisho, kilomita moja inaweza kuwa na kaya tatu. Majira hayo yafutwe mara tu ukaguzi unapomalizika, na kaya ibaki na jina la grupema yake. Hata jina la kijiji halifai kutoka nje. Jedwali linalosema kwamba katika kijiji fulani watu wengi wanalipa kodi kwa kundi fulani halimtaji mtu, lakini kundi pinzani likilisoma linaweza kukiadhibu kijiji kizima. Kuficha mtu mmoja mmoja hakumlindi yeyote ikiwa kosa linabandikwa kwa wote.

Wadodosaji nao wamo ndani ya data. Dodoso lililowekewa `username` na `deviceid` hubeba alama ya aliyehoji na ya simu yake, na anayesoma faili hizo anajua ni nani alikuwa kijiji gani, siku gani, saa ngapi. Safu hizo zikatwe kabla faili haijamfikia mtu wa nje ya timu. Kitu kimoja hakifungiki kwa ufunguo wowote: kumbukumbu ya mdodosaji mwenyewe. Kumtumia kijana wa kijiji hichohicho hurahisisha lugha na usalama wa njia, lakini jirani anayasikia majibu ya jirani. Maswali ya kodi, makundi na ardhi ni heri yaulizwe na mtu wa kutoka mbali kidogo anayeijua lugha.

Mahali panapovuja zaidi, hata hivyo, si kwenye simu. Ni kwenye karatasi ya mhasibu. Mhojiwa hupewa fedha kidogo za kufidia muda wake, na mhasibu hudai orodha: jina kamili, kijiji, namba ya simu, sahihi. Dodoso limefungwa kwa ufunguo wa tarakimu mia kadhaa, na orodha ya wote waliohojiwa inasafiri kwenye bahasha ya kahawia. Karatasi za ridhaa zenye sahihi huleta balaa hilohilo. Tiba yake inapatikana mapema, kwa kukubaliana na mfadhili kabla ya mkataba kwamba malipo yatathibitishwa kwa namba ya kaya na sahihi ya shahidi, na kwamba ridhaa itatolewa kwa mdomo na kuandikwa na mdodosaji. Mfadhili asipokubali, bora fidia iwe sabuni ya kijiji kizima kuliko orodha ya majina ishirini.

Majina hayawezi kukosekana kabisa, kwa sababu uhakiki unayahitaji. Katika mfano wa kaya 1,200, asilimia kumi, yaani kaya 120, hupigiwa simu au kutembelewa tena ndani ya siku kumi na nne. Njia salama ni fomu mbili zenye funguo mbili tofauti. Fomu ya kwanza ina jina, simu na namba ya kaya. Ya pili ina namba ya kaya na majibu. Anayepiga simu za uhakiki hupewa ufunguo wa kwanza tu, naye huuliza kama mgeni alifika, alikaa muda gani na aliuliza juu ya nini. Anayechambua ana ufunguo wa pili tu. Mtu mmoja asiwe na funguo zote mbili.

Linabaki suala la muda. Mtazamo uliotawala husema data zinazeeka, na zilizozeeka hazimdhuru mtu, hivyo zikae miaka kumi na baadaye zifunguliwe. Walikale inaonyesha kinyume. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, katika vijiji vya Luvungi na jirani zake, watu wasiopungua 387 walibakwa, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa. Ntabo Ntaberi Sheka, mkuu wa kundi moja kati ya yaliyohusika, alitolewa hati ya kukamatwa mwaka 2011, na mwaka huohuo akagombea ubunge Walikale. Alijisalimisha mwaka 2017, na hukumu ya kifungo cha maisha ilitolewa na mahakama ya kijeshi mjini Goma Novemba 2020. Kwa miaka kumi yote hiyo, jina la mwanamke aliyewahi kusimulia lilikuwa na thamani kwa aliyetaka anyamaze. Daftari la mwaka 2010 halikuwa limezeeka mwaka 2019.

Wapo watakaosema kwamba kufuta majina ni kufuta ushahidi. Lakini dodoso la kaya si ushahidi wa mahakama. Halikuchukuliwa kwa kiapo, na mhojiwa hakuridhia litumike hivyo. Anayetaka kutoa ushahidi apelekwe kwa wanaoweza kumlinda shahidi. Hasara ya kweli iko kwingine, nayo ni kubwa: majina yakishafutwa, watu walewale hawawezi kurudiwa baada ya miaka mitatu, na Masisi imehamwa na watu wengi kiasi kwamba kujua nani alirudi kwake ni elimu adimu. Utafiti uliokusudiwa tangu mwanzo kurudia kaya zilezile uitunze fomu ya majina hadi ziara ya mwisho, ikiwa imefungwa. Usiokusudiwa hivyo usiitunze kwa matumaini ya fedha zitakazokuja.

Kufuta kwenyewe kuna mbinu yake. Kadi za kumbukumbu na diski za kisasa huandika data mpya mahali papya, hivyo faili iliyotupwa hubaki ndani kwa muda usiojulikana, na seva nayo ina nakala zake za akiba ambazo mtafiti hazifikii. Kwa sababu hiyo fomu ya majina ilipewa ufunguo wake tangu siku ya kwanza. Uhakiki ukiisha, faili zozote zilizofunguliwa kwa kazi hiyo hufutwa pamoja na diski iliyosimbwa zilimokuwa, kisha nakala zote mbili za ufunguo wa majina huharibiwa. Faili za majina zilizobaki popote, Goma, ng'ambo au kwenye kadi iliyoanguka njiani, hazifunguki tena. Faili ya majibu iliyokwisha kupunguzwa hubaki kwa miaka ambayo chuo kinadai. Walioharibu ufunguo huandika tarehe, saa na saini zao katika ukurasa wa mwisho wa mpango, na karatasi za ridhaa au za malipo, kama zilikuwapo, huchomwa siku hiyohiyo.